Barua ya wazi kwa mwenye jengo: nafasi nne za maegesho na ulinzi wa mashine ya rangi

Kwa mwenye jengo.
Nakala: msimamizi wa jengo, wapangaji wenzetu wa ghorofa ya chini na wa ofisi za juu.

Ndugu mwenye jengo,

YAH: MAOMBI YA NAFASI ZA MAEGESHO NA KIFUNGU CHA KULINDA BIASHARA, KABLA FREMU NAMBA 5 HAIJAPANGISHWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wapangaji wa fremu namba 3 na 4, tunauza rangi za majengo na kuzichanganya kwa mashine. Tumeiacha barua hii wazi kwa sababu nafasi tunazoziomba zinatumiwa na watu wengine, na wana haki ya kuona tunachoomba kabla hujakijibu. Tunaomba mambo mawili, na yote mawili yana saa yake. Fremu namba 5 iko wazi na madalali wanaleta watu kila siku. Siku utakapotia saini na mpangaji mpya, sehemu kubwa ya tunachoomba itakuwa haipo tena mikononi mwako. Hutaweza kutupa nafasi uliyokwisha kumwahidi mwingine, wala kumkataza mtu biashara ambayo mkataba wake unamruhusu.

Tuanze na maegesho, na tuanze na kipimo, maana hapo ndipo ahadi nyingi za maegesho zinapoharibikia.

Mbele ya jengo watu huegesha safu mbili: magari manane yakiwa yameelekea ukutani, na mengine sita upande wa barabara. Ukimuuliza mlinzi atakwambia nafasi ni 14. Si kweli. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5, na majengo mengi ya Dar es Salaam bado yanahesabu maegesho yake kwa kipimo kile cha zamani. Kutoka katikati ya barabara hadi ukuta wa mbele wa jengo letu ni mita 41. Ukitoa 30, kinachobaki ndani ya kiwanja ni mita 11. Gari lililoegeshwa wima ukutani linahitaji mita 5 za urefu, na nyuma yake mita 6 za kurudi kinyumenyume na kugeuza. Hizo ndizo mita 11, zimeisha. Safu ya pili yote imekaa kwenye hifadhi ya barabara. Huwezi kumkodishia mtu sehemu hiyo, na siku ya kuondolewa ikifika hakuna atakayekulipa wewe wala sisi.

Kwa hiyo ulichonacho cha kugawa ni nafasi nane za upana wa mita 2.5, jumla mita 20. Tunakuomba kabla ya jambo lolote mpima ardhi athibitishe zilipo bikoni, kwa kuzilinganisha na ramani ya upimaji ya kiwanja, kisha nafasi nane zichorwe na kupewa namba 1 hadi 8 kutoka kushoto. Nafasi namba 1 ibaki kama ilivyo kwa wateja wenye ulemavu, kwa kuwa ndiyo iliyo mbele ya mteremko wa kiti cha magurudumu, na hiyo haimhusu mpangaji yeyote.

Katika saba zinazobaki, sisi tunaomba namba 3 na 4 siku zote za kazi, na namba 5 na 6 kuanzia Ijumaa saa 8 mchana hadi Jumamosi saa 12 jioni. Baada ya saa 12 jioni na siku ya Jumapili zote nne ziwe huru kwa yeyote.

Hesabu yake ni hii. Mteja wa rangi hakai kama mteja wa duka la dawa, ambaye anashuka, ananunua na kuondoka ndani ya dakika tano. Anachagua rangi kwenye kitabu, mashine inadondosha rangi za kukolezea ndani ya ndoo ya rangi ya msingi, ndoo inafungwa na kuingizwa kwenye mashine ya kutikisa, kisha inafunguliwa na kupakwa kidogo juu ya kifuniko ili mteja aione ikikauka. Ndoo mbili au tatu huchukua kama dakika 25. Jumamosi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 7 mchana, wateja wanaokuja na gari ni kama wanane kwa saa. Zidisha nane kwa 25, gawanya kwa 60: kwa wastani kuna magari matatu na kitu yamesimama kwa wakati mmoja. Kwa kuwa wateja hawaji kwa mpangilio, nafasi tatu zingejaa mara kwa mara, na nafasi nne zinatosha kwa shida. Siku za kawaida wanakuja wanne kwa saa, yaani chini ya magari mawili kwa wakati mmoja, ndiyo maana hatuombi nne za wiki nzima. Mpangaji anayeomba nafasi nne za kudumu huku mbili zikikaa tupu Jumanne hadi Alhamisi anajitafutia ugomvi na jirani zake, na jirani wakikasirika watazichukua tu.

Kwa nini mteja wa rangi asiegeshe mbali akatembea? Ndoo ya lita 20 ina uzito wa karibu kilo 28, na anayepaka nyumba ya vyumba vitatu hanunui ndoo moja. Lakini hasara yenyewe iko mahali pengine. Rangi ikishakolezwa hairudi kuwa nyeupe. Mteja akiitwa nje akahamishe gari wakati ndoo yake iko kwenye mashine, akaondoka na asirudi, ndoo ile inabaki dukani ikiwa na rangi aliyoitaka yeye peke yake. Tunaiuza kwa hasara kwa fundi anayetafuta rangi ya ukuta wa nyuma, au inakaa mpaka inaganda.

Anayezijaza nafasi hizi si jirani yetu wa chini. Ni magari ya wafanyakazi wa ofisi za juu, yanayoingia saa 1 na nusu asubuhi na kutoka saa 11 na nusu jioni. Gari moja la namna hiyo linakaa saa kumi, na katika saa hizo nafasi hiyohiyo ingehudumia wateja 24 wa dakika 25. Hatusemi wafukuzwe. Uwanja wa nyuma, karibu na tangi la maji, unaingia magari matano yakiegeshwa kwa mfuatano, gari nyuma ya gari. Mpangilio huo haumfai mteja kwa sababu wa ndani hatoki mpaka wa nje ahame, ila unawafaa watu wanaoingia na kutoka kwa wakati mmoja na wanaofahamiana. Kinachohitajika ni daftari la mlinzi lenye namba za magari ya wafanyakazi wote wa jengo na simu za wenyewe. Bila daftari hilo mlinzi hajui nani ni mteja na nani ni karani wa ghorofa ya pili, na hataki kumuudhi bosi wa mtu.

Kuhusu namna ya kuzilinda nafasi, tunakuomba usifunge mnyororo wala usinunue pingu za tairi. Mnyororo unamtaka mtu ashuke aufungue, na mteja mgeni akiuona anapita zake. Pingu ni mbaya zaidi: gari lililokosea linabaki palepale kwenye nafasi unayotaka iwe wazi, mpaka mwenyewe apatikane na kelele ziishe. Inatosha mistari ya rangi ya barabarani yenye upana wa sentimita 10, kibao cha kila nafasi chenye namba ya fremu na saa zake, na nguzo mbili za kulaza kwenye namba 3 na 4, ambazo mlinzi anazisimamisha usiku magari yakishaondoka na kuzilaza saa 1 na nusu asubuhi. Rangi ya mistari tutatoa sisi. Usikubali fundi atumie rangi ya ukutani. Matairi yataimaliza ndani ya miezi michache, na mstari uliofutika ndiyo mwanzo wa "sikujua".

Jambo la mwisho kwenye maegesho ni karatasi. Leo tunaegesha kwa ruhusa ya mdomo, ambayo mlinzi akibadilishwa inaondoka naye. Tunaomba haki hii iandikwe kwenye nyongeza ya mkataba, si kwenye barua ya ruhusa. Barua ya ruhusa unaweza kuifuta kesho, na sisi hatuwezi kununua mashine ya pili kwa kuitegemea. Mchoro wa nafasi nane uambatanishwe na nyongeza hiyo na kila upande usaini juu yake. Tutalipa shilingi 100,000 kwa mwezi kwa kila nafasi ya kudumu na 40,000 kwa kila nafasi ya mwisho wa wiki, yaani 280,000 kwa mwezi, sawa na 3,360,000 kwa mwaka. Fedha hizo ziandikwe kama sehemu ya pango. Tutazikata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kukupa stakabadhi yake kama tunavyofanya kwenye pango la fremu, na ushuru wa stempu wa nyongeza hiyo tutaubeba sisi. Ikitokea nafasi imechukuliwa na mamlaka ya barabara au umeihitaji kwa ujenzi, malipo ya nafasi hiyo yasimame siku hiyohiyo; hatutadai zaidi ya hapo.

Sasa jambo la pili, ambalo linasemwa vibaya mara nyingi zaidi.

Hatukuombi utuandikie kwamba hakuna mwingine atakayeuza rangi ndani ya jengo. Kifungu hicho ni kipana mno na hakitafanya kazi. Muuza vigae wa fremu namba 2 ana galoni chache za rangi nyeupe, muuza vifaa vya umeme anaweza kuweka makopo ya rangi ya kupuliza, na kila mmoja wao angekuwa amekosa. Ungejikuta msuluhishi wa ugomvi wa makopo. Wakati huohuo mpinzani wa kweli angejiita "muuza vifaa vya ujenzi" na kuingia kwa mlango wa mbele.

Tunachoomba kulindwa ni mashine ya kuchanganya rangi. Kifungu tunachopendekeza kinasema hivi: katika jengo hili na kiwanja chake, mwenye jengo hatapangisha, wala hataruhusu mpangaji au mpangaji mdogo, wala hatafanya yeye mwenyewe au kampuni anayoimiliki, biashara ya kuchanganya rangi za majengo kwa mashine au kwa mkono kufuata kitabu cha rangi, na hakuna mpangaji mwingine atakayetumia zaidi ya mita za mraba 3 za duka lake, au asilimia 10 ya eneo lake, kile kilicho kidogo kati ya viwili, kwa kuuza rangi zilizokwisha kutengenezwa.

Maneno "yeye mwenyewe au kampuni anayoimiliki" yasikukwaze. Hayatokani na shaka juu yako. Kifungu kinachomzuia mwenye jengo kupangisha tu, kisimzuie kufungua duka, kina tundu linaloonekana na kila wakili.

Kwa nini mashine na si bidhaa? Kwa sababu gharama na utaalamu viko kwenye mashine, na ndivyo vinavyoibika kirahisi. Mteja anakaa nusu saa na mhudumu wetu akipimiwa rangi ya ukuta wa zamani, anajaribishiwa sampuli tatu, mwisho anaondoka na namba ya rangi kwenye karatasi. Akitembea hatua kumi hadi fremu namba 5 yenye mashine, atapunguziwa shilingi elfu mbili kwa ndoo na mtu ambaye hakulipia hata dakika moja ya kazi hiyo. Huyo mteja naye atarudi kwetu na malalamiko, kwa sababu namba ileile ikichanganywa kwenye rangi ya msingi ya kiwanda kingine haitoi rangi ileile, na ukuta wa sebule utakuwa na viraka viwili. Mpinzani aliye mtaa wa pili hatudhuru kwa namna hii, na hatukuombi utulinde naye.

Utauliza: je, si tunakunyima wapangaji? Fremu namba 5 ina mita za mraba 42, na kwa bei ya 25,000 kwa mita inakuletea 1,050,000 kwa mwezi. Bado unaweza kumpa muuza taa na nyaya, mabomba na masinki, mapazia, makabati ya jikoni au kufuli na vitasa. Hao wote wanamtaka mteja yuleyule anayemalizia nyumba, na sisi tutawapelekea wetu. Ulichozuiwa ni aina moja tu ya mpangaji.

Kuna mpaka wa kisheria ambao tunautaja sisi wenyewe, kabla wakili wako hajautaja. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani inayoisimamia, na vifungu vya namna hii vikitumiwa na wenye nguvu vinaweza kuwabana wadogo. Afrika Kusini, uchunguzi wa soko la rejareja la vyakula uliotoa ripoti yake Novemba 2019 ulipendekeza minyororo ya maduka makubwa iache kutumia vifungu vya kuwafungia nje wafanyabiashara wadogo kwenye majengo ya biashara. Yale yalikuwa maduka yenye matawi nchi nzima. Sisi ni fremu mbili, katika jengo moja, kwenye mtaa wenye maduka mengine ya rangi. Hata hivyo tunakubali kifungu kiwe na mwisho: miaka mitatu, kiishe chenyewe bila notisi. Kife pia kabla ya hapo tukiacha kuchanganya rangi kwa siku 60 mfululizo, au tukidaiwa pango kwa zaidi ya siku 30.

Wapangaji waliopo ni suala la peke yake. Mkataba wa fremu namba 2 unaruhusu "vifaa vya ujenzi" bila kufafanua. Jirani yetu akileta mashine kesho, huna la kumfanya, na sisi hatuna la kukudai, kwa sababu haki yake ilitangulia yetu. Tunachoomba ni kwamba msimamizi asome kifungu cha matumizi katika kila mkataba wa jengo, atupe orodha ya mikataba yenye maneno mapana na tarehe zake za kuisha, na kila mkataba unapohuishwa, kifungu cha matumizi kiandikwe kwa jina la biashara yenyewe: "vigae, gundi na vifaa vya kuwekea vigae." Mpaka siku hiyo, mkataba wa zamani uorodheshwe kwenye nyongeza yetu kama ulioachwa nje. Mwenye jengo anayesaini ulinzi bila kuisoma mikataba yake anauza asichonacho.

Kifungu kikivunjwa, itakuwaje? Kwenda mahakamani kudai hasara ni njia mbovu kwa pande zote. Mauzo ya rangi hushuka yenyewe wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwa sababu kuta za nje hazikauki. Tukilinganisha Aprili na Februari tutaonekana tumeibiwa hata kama hakuna mpinzani; wewe nawe ukilinganisha Aprili na Julai utasema hatukupata hasara yoyote. Ni heri kiwango kipangwe tangu mwanzo. Tukikuandikia kwamba kifungu kimevunjwa, una siku 14 za kumwandikia anayekosea. Kama ni wewe uliyempangisha kinyume cha kifungu, pango letu lishuke kwa asilimia 30 kuanzia siku ya 30 hadi biashara ile isimame. Kama ni mpangaji aliyevunja mkataba wake mwenyewe, upewe siku 90, mradi umemwandikia na unaendelea kumfuatilia. Hatuwezi kukuadhibu kwa kosa la mtu unayepambana naye. Ikipita miezi sita na mashine bado inafanya kazi, tuwe na haki ya kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja na kurudishiwa pango tulilokwisha kulipa mbele.

Na ukiuza jengo? Mnunuzi ataangalia mapato, hatasoma nyongeza. Tunaomba kifungu kimoja kinachokutaka umwoneshe mnunuzi nyongeza hii na asaini hati ya kuyakubali masharti yake kabla ya mauzo kukamilika.

Kwa utaratibu, tunaomba hivi. Wiki hii umwelekeze dalali asipokee malipo ya fremu namba 5 kabla kifungu cha matumizi hakijaandikwa. Ndani ya wiki mbili mpima apite na msimamizi amalize kusoma mikataba. Gharama ya mpima tugawane nusu kwa nusu. Kisha tukae mezani na wakili mmoja mmoja kila upande, tukiwa na mchoro wa nafasi nane na orodha ya mikataba iliyoachwa nje. Wapangaji wa ofisi za juu waalikwe kwenye sehemu ya maegesho, kwa sababu bila wao kuhamia uwanja wa nyuma mistari yote itakuwa mapambo.

Wako,
Wapangaji wa fremu namba 3 na 4, ghorofa ya chini
Dar es Salaam